Wakaguliwe Watoto Wangapi Kabla ya Kuamini Asilimia 90 ya Chanjo?

Mtoto nchini Kenya hupata chanjo ya kwanza ya surua na rubela akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Chukua mfano wa ripoti inayosema kuwa asilimia 90 ya watoto wa Umoja walio kati ya miezi 12 na 23 wamepata ile ya kwanza. Mkazi ana haki ya kuuliza iwapo idadi hiyo ni ya kweli. Njia ya kujua ni kwenda mlangoni, kuomba kitabu cha kliniki na kuhesabu. Kubisha kila mlango haiwezekani, kwa hivyo watoto wachache huteuliwa kwa niaba ya wote. Makala haya yanaeleza jinsi idadi ya hao wachache inavyopatikana.

Kwa nini dai likaguliwe

Asilimia za chanjo zinazotoka vituoni hupatikana kwa kugawanya idadi ya dozi zilizotolewa kwa idadi ya watoto wanaokadiriwa kuishi katika eneo. Sehemu zote mbili za hesabu hiyo huweza kupotoka. Mama wa Kayole au Kariobangi anaweza kumleta mtoto wake kliniki ya Umoja kwa sababu iko njiani kwenda kazini, na dozi yake ikahesabiwa Umoja. Idadi ya watoto nayo hukadiriwa kutokana na sensa ya 2019, ilhali magorofa mapya yameendelea kuota na wapangaji kuhama kila mwezi. Ndiyo maana baadhi ya maeneo huripoti hata zaidi ya asilimia 100.

Surua, au ukambi, haisamehi kosa la hesabu. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 katika jamii isiyo na kinga. Kati ya watoto 1,000, kiwango cha asilimia 90 huacha 100 bila chanjo. Kiwango halisi kikiwa asilimia 80, wanaobaki wazi ni 200, mara mbili ya walioripotiwa, na hakuna anayewatafuta kwa kuwa karatasi inasema kazi imekwisha.

Hatua ya kwanza: amua pengo

Watu wengi hudhani ukubwa wa sampuli hutokana na ukubwa wa mtaa, na husikika wakisema, “tuchukue asilimia 10 ya watoto.” Sivyo. Mradi sampuli ni sehemu ndogo tu ya watoto wote, idadi inayohitajika kupima dai la Umoja pekee ni karibu sawa na ile ya kupima dai la Nairobi nzima, yenye watu 4,397,073 kwa sensa ya 2019. Mpishi akishakoroga vizuri, huonja chumvi kwa kijiko kile kile, sufuria iwe ndogo au kubwa.

Kinachoamua ni pengo: umbali kati ya kiwango kinachodaiwa na kile cha chini ambacho, kikiwa ndicho cha kweli, hakipaswi kupita bila kugunduliwa. Uamuzi huu ni wa maofisa wa afya kabla hawajafika kwa mtaalamu wa takwimu. Mpango wa kimataifa wa chanjo wa 2011 hadi 2020 uliweka lengo la asilimia 90 kwa kila nchi na angalau asilimia 80 kwa kila wilaya. Viwango hivyo viwili vinafaa kwa mfano huu: dai ni 90, na hali ya kuogopwa ni 80.

Hatua ya pili: amua makosa yanayovumilika

Ukaguzi wa sampuli unaweza kukosea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulikataa dai lililo kweli, kwa sababu tu bahati iliwaleta watoto wengi wasiochanjwa. Kosa hili huwekewa mpaka, kwa kawaida mara 5 kati ya 100. Ya pili ni kulipitisha dai lisilo kweli. Hapa wakaguzi wengi hutaka uhakika wa kugundua tatizo angalau mara 80 kati ya 100.

Katika kanuni, maamuzi hayo mawili huwakilishwa na namba 1.645 na 0.842. Herufi p0 ni dai na p1 ni kiwango cha kuogopwa:

```
n = ((1.645*sqrt(p0*(1-p0)) + 0.842*sqrt(p1*(1-p1))) / (p0-p1))^2
```

Kwa Umoja, p0 ni 0.90 na p1 ni 0.80. Kipeuo cha pili cha 0.90 mara 0.10 ni 0.3, na cha 0.80 mara 0.20 ni 0.4. Zidisha 1.645 kwa 0.3 upate 0.4935, na 0.842 kwa 0.4 upate 0.3368. Jumla ni 0.8303. Gawanya kwa pengo la 0.10 upate 8.303, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: 68.9. Mtoto hakatwi vipande, kwa hivyo jibu ni watoto 69.

Pengo likipunguzwa, hesabu hupanda kwa kasi. Wakaguzi wakitaka kugundua kiwango cha asilimia 85 badala ya 80, watahitaji watoto 253. Wakitaka kugundua 87, watahitaji 671. Kukata pengo nusu kumeongeza kazi karibu mara nne.

Hatua ya tatu: andika mpaka kabla ya kubisha mlango

Idadi pekee haitoshi. Lazima ijulikane mapema ni matokeo gani yatakayofanya dai likataliwe. Kwa watoto 69, kanuni ni hii: wakipatikana 12 au zaidi wasiochanjwa, dai la asilimia 90 linakataliwa. Wakiwa 11 au pungufu, halikataliwi.

Kanuni hiyo ikipimwa kwa hesabu kamili, hulikataa dai lililo kweli mara 4 kati ya 100. Kiwango halisi kikiwa asilimia 80, hugundua tatizo mara 75 kati ya 100. Hizo ni pungufu kidogo ya 80 zilizoahidiwa, kwa kuwa kanuni ya juu ni makadirio na watoto huhesabiwa kwa namba nzima. Je, mpaka ukishushwa hadi 11? Hapo kosa la kwanza hupanda hadi mara 8 kati ya 100, na mpaka wa 5 unavukwa. Anayezitaka 80 kamili huongeza watoto badala ya kuuchezea mpaka.

Sampuli ndogo humfurahisha mwenye dai

Chukua mkaguzi anayesimama kwenye geti moja la Innercore na kukagua watoto 20 tu. Anakuta 17 wamechanjwa, yaani asilimia 85. Mmoja atasema dai limeanguka, mwingine atasema limesimama. Ukweli ni kwamba matokeo hayo hayasemi lolote la maana. Hata kama asilimia 90 ni kweli, watoto watatu au zaidi wasiochanjwa kati ya 20 hutokea karibu mara 32 kati ya 100.

Kwa sampuli ya 20, mpaka halali ni watoto 5 wasiochanjwa. Mpaka huo humlinda mwenye dai dhidi ya kukataliwa kimakosa, lakini mtaa wenye asilimia 80 hugunduliwa mara 37 tu kati ya 100. Mara 63 hupita. Kwa hivyo “dai halikukataliwa” si sawa na “dai limethibitishwa.” Anayesoma ripoti ya namna hiyo aulize kwanza: ukaguzi huu ungeweza kugundua tatizo kama lingekuwepo?

Ploti moja, tabia moja

Namba 69 inachukulia kuwa kila mtoto ameteuliwa peke yake kwa bahati nasibu. Umoja ni nadra kazi kwenda hivyo. Wakaguzi huchagua ploti au gorofa, kisha hukagua watoto kadhaa hapo hapo. Majirani hufanana: hupata habari kwa mhamasishaji yule yule wa afya ya jamii, na huenda kliniki ile ile. Mtoto wa saba kwenye ploti hiyo huongeza habari kidogo kuliko wa kwanza.

Marekebisho yake ni rahisi. Wakikaguliwa watoto 7 kila mahali, na kipimo cha kufanana kikikadiriwa kuwa 0.1, zidisha 6 kwa 0.1 kisha ongeza 1. Jibu ni 1.6. Watoto 69 mara 1.6 ni 111. Iwapo mmoja kati ya kumi hatapatikana, gawanya 111 kwa 0.9 upate 124. Hayo ni makundi 18 ya watoto 7, jumla 126. Mpaka wa watoto 12 nao hautumiki tena. Mtaalamu huuweka upya kwa idadi mpya, akizingatia makundi.

Mtindo wa makundi 30 ya watoto 7, uliotumiwa na Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi, ulitokana na hesabu inayofanana na hiyo, lakini lengo lake lilikuwa tofauti. Ulikusudiwa kukadiria kiwango kwa kosa lisilozidi pointi 10 juu au chini. Hesabu ya kuanzia ilikuwa watoto 96, wakarudufishwa kwa sababu ya makundi kuwa 192, kisha wakafikishwa 210 ili kila kundi lipate 7. Kuichukua 210 na kuitumia kupima dai lolote ni kuvaa kiatu kilichopimwa mguu mwingine.

Mlango uliofungwa

Kuna kosa ambalo hata watoto 1,000 hawalitibu. Mchana wa siku ya kazi, nyumba nyingi za Umoja hufungwa: wazazi wako kazini na mtoto yuko deikea. Mkaguzi akiruka milango hiyo na kubisha inayofuata, atakutana zaidi na watoto wanaoshinda nyumbani na mzazi, na huenda hao ndio rahisi zaidi kufikishwa kliniki. Sampuli itakuwa kubwa na bado itapotosha. Dawa ni kuteua nyumba kutoka orodha kamili ya ploti na vyumba, na kurudi jioni au Jumamosi kwenye zile zile zilizoteuliwa.

Kitabu cha kliniki nacho ni muhimu. Tarehe iliyoandikwa hushinda kumbukumbu, kwa maana mtoto wa mwaka mmoja ameshadungwa sindano kadhaa na mzazi anaweza kuchanganya ya surua na nyingine. Ripoti nzuri hutenganisha waliothibitishwa kwa kitabu na waliohesabiwa kwa neno la mzazi.

Maswali manne kwa ripoti yoyote ya ukaguzi wa chanjo

1. Dai lilikuwa asilimia ngapi, na kiwango cha chini kilichoogopwa kilikuwa kipi?
2. Mpaka wa kulikataa dai uliandikwa kabla ya ukaguzi au baada ya matokeo kuonekana?
3. Watoto waliteuliwa mmoja mmoja au kwa makundi, na idadi iliongezwa kwa sababu hiyo?
4. Milango iliyokutwa imefungwa ilirudiwa mara ngapi?

Mkaguzi akibisha mlango wako, mwonyeshe kitabu cha kliniki hata kama kina pengo. Pengo hilo likifichwa, mtaa utahesabiwa kuwa na kinga usiyo nayo.