Kiwiko cha Tenisi: Kwa Nini Kano Huhitaji Mzigo

Wengi wanaougua kiwiko cha tenisi hawajawahi kushika raketi. Kila mara kiganja kinapokaza kitu, misuli ya upande wa juu wa kigasha hukaza pia ili kifundo cha mkono kisikunjike. Misuli hiyo hushikizwa na kano kwenye nundu ya mfupa, upande wa nje wa kiwiko. Kuandika kwa kibodi huku kifundo kimeinuliwa huidai kano hiyohiyo kazi, kwa nguvu ndogo lakini kwa saa nyingi.

Maumivu yakidumu miezi, tatizo kuu huwa si uvimbe, bali ni nyuzi za kolajeni zilizopoteza mpangilio wake. Ndiyo maana mapumziko matupu hayatoshi: maumivu hupungua, lakini kano hudhoofika zaidi. Sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki chache, ila baada ya mwaka mmoja waliochomwa huwa katika hali mbaya kuliko wasiochomwa. Ni nafuu ya mkopo.

Mfano ni karani wa miaka 44, mwenye maumivu ya miezi minne. Aliposhindwa kukamua mashuka, alikwenda kliniki. Mtaalamu alimnyoosha kiwiko, akamwambia ainue kiganja huku akikizuia. Maumivu yakachoma palepale kwenye nundu.

Kwa wiki mbili za kwanza alilaza kigasha mezani, kiganja kikitazama chini, akakiinua kidogo na kukizuia kwa mkono wa pili bila kukisogeza, kwa sekunde 30 hadi 45, mara tano. Kisha alishika chupa ya maji ya nusu lita, kiganja kikining'inia ukingoni mwa meza. Mkono mzima ulisaidia kuinua. Ule mgonjwa ulishusha peke yake, taratibu, kwa sekunde nne. Alifanya hivyo mara 10, kwa mizunguko mitatu, kila siku.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa, hadi kama manne kwa kipimo cha kumi. Kipimo cha kweli ni asubuhi inayofuata. Katika wiki ya tano, kwa pupa, karani alihamia chupa ya lita moja, naye akaamka akishindwa kushika kikombe cha chai. Hakuacha mazoezi, alirudi kwenye nusu lita kwa siku kumi, kisha akaongeza maji kidogo kidogo. Kazini alishusha kibodi ili kifundo kinyooke, na nyumbani aligawa mashuka katika siku mbili. Kufikia wiki ya 12 alikamua bila shida, ingawa sufuria iliyojaa bado ilimkumbusha.

Ganzi vidoleni, maumivu yanayoshuka kutoka shingoni, au kiungo kilichovimba pamoja na homa, si dalili za kiwiko cha tenisi. Mgonjwa wa namna hiyo achunguzwe upya kabla ya kupewa chupa.