Tumbo Joto: Wasiwasi Unapokupeleka Chooni

Watu husema mgombeaji yuko tumbo joto akisubiri matokeo ya kura. Msemo huo una ukweli wa kimwili. Wasiwasi unaweza kuleta kichefuchefu, tumbo kusokota na kuhara hata kama hujala chakula kibaya wala kunywa maji machafu. Wakazi wengi hawalijui hilo, hivyo hununua dawa za ameba dukani mara kwa mara bila kupimwa.

Chukua mfano wa mama anayeuza mitumba sokoni. Kila Jumatatu saa nne asubuhi hulipa mkopo wa chama. Jumatatu hiyo huamka na kichefuchefu, chai haipiti, na kabla ya saa mbili amekwenda chooni mara tatu, choo kikiwa chepesi. Akishalipa, tumbo hutulia, na mchana hula ugali na sukuma bila shida. Kwa mwezi mmoja amemeza dawa za ameba mara tatu, na Jumatatu bado ni ile ile.

Ndani ya kuta za tumbo na utumbo kuna mtandao mkubwa wa mishipa ya fahamu unaoongoza usagaji wa chakula. Mtandao huo huwasiliana na ubongo kupitia mshipa mrefu unaoshuka kutoka kichwani, kupita shingoni na kifuani, hadi tumboni. Ubongo unapohisi hatari, hata ikiwa hatari yenyewe ni deni, mwili hujiandaa kupigana au kukimbia. Homoni za wasiwasi humwagika kwenye damu.

Hapo tumbo la juu hupunguza mwendo. Chakula hukawia kushuka, na mtu huhisi kichefuchefu. Utumbo mpana nao hufanya kinyume: hujikaza kwa nguvu na kusukuma haraka. Kule kujikaza ndiko kusokota. Na kwa kuwa kazi ya utumbo mpana ni kufyonza maji kutoka kwenye uchafu, ukisukuma haraka maji hayapati muda wa kufyonzwa, na choo hutoka kikiwa chepesi.

Mawasiliano hayo huenda pande zote mbili. Sehemu kubwa ya nyuzi za mshipa huo hupeleka habari kutoka tumboni kwenda kwenye ubongo. Kwa hiyo tumbo likisokota, ubongo hupokea ishara kwamba kuna tatizo, wasiwasi huongezeka, na tumbo huvurugika zaidi. Mama yule sasa haogopi deni tu, anaogopa pia kushikwa na tumbo akiwa kwenye matatu.

Utajuaje kama ni wasiwasi? Kwa wiki mbili, andika kwenye daftari siku, saa, ulichokula na kilichokuwa kikikusumbua. Mama wetu aligundua kwamba Jumapili na Jumatatu anakula chakula kile kile, na kwamba wiki aliyolipa mapema, Ijumaa, Jumatatu ilipita salama. Tena tumbo halikuwahi kumwamsha usingizini. Ameba haichagui siku ya kulipa mkopo.

Hata hivyo, daftari si kipimo. Nenda kituo cha afya ukiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, ukiwa na homa, ukipungua uzito, ukiamshwa usiku na kuhara, au ikiwa shida hii imeanza ukiwa umepita miaka 50. Kuhara maji matupu mfululizo ni dharura. Anza kunywa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ORS, kwa kipimo kilichoandikwa, ukielekea kituoni mara moja.

Dawa za ameba zisimezwe kwa kubahatisha. Zenyewe huweza kuleta kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni, na mtu akadhani ugonjwa umezidi. Omba choo kipimwe kwanza.

Kama daftari linaonyesha wasiwasi, asubuhi ya siku ngumu punguza chai kali na kahawa, kwa maana huuchochea utumbo. Kula kidogo, kama uji mwepesi. Kisha keti kwa dakika tano upumue polepole: vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, tumbo likipanda na kushuka. Kutoa pumzi taratibu hutuliza mapigo ya moyo na kuupa mwili ishara kwamba hatari imepita.

Pumzi hazilipi deni. Mama yule alizungumza na mweka hazina wa chama, wakakubaliana alipe kidogo kidogo Jumatano na Ijumaa. Ikiwa wasiwasi hauna siku maalum na unakunyima usingizi au kazi kwa zaidi ya wiki mbili, mweleze mhudumu wa afya kituoni habari za tumbo na za moyo pia. Ukitaja tumbo peke yake, atatibu nusu ya shida.