Nimelalia miwani, imepinda

SWALI: Nimelalia miwani yangu ya fremu ya plastiki. Nikiivaa, upande wa kulia umepanda hadi kwenye nyusi. Naweza kuinyoosha mwenyewe?

JIBU: Kwanza itazame kwa mbele. Ikiwa lenzi zote mbili bado zimelala kwenye mstari mmoja, kilichopinda ni mkono tu. Fungua mikono, uigeuze miwani juu chini mezani. Mkono wa kulia utaning'inia bila kugusa meza. Chovya mkono huo hadi karibu na bawaba katika maji ya moto ambayo kidole chako kinayavumilia, kwa takriban dakika moja. Lenzi zisiingie, maana joto hupasua tabaka linalozikinga. Kisha shika fremu kwenye kona ya lenzi, si katikati ya pua, uukunje mkono kuelekea juu, kwa jinsi miwani inavyovaliwa, kidogo kidogo. Ndiyo, juu: sikio halisogei, kwa hiyo mkono ukipanda, lenzi hushuka. Poza kwa maji baridi, ujaribu tena.

Plastiki ikianza kuwa nyeupe, acha, inakaribia kukatika. Daraja la puani likiwa limejipinda, lenzi ikicheza, au miwani ikiwa haina fremu kuzunguka lenzi, mpelekee fundi wa miwani. Vivyo hivyo kwa lenzi za kusomea na kuona mbali kwa pamoja: zikikaa upande kidogo tu, maandishi hufifia na kichwa huuma.