Karatasi ya Kutia Misimbo: Mama Aliyepasuliwa na Mtoto Aliyeanguka Mkoroshoni

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya watunza kumbukumbu wa hospitali na vituo vya afya vya Masasi na Newala, ambao kila mwisho wa mwezi hubeba mizigo miwili kwa mikono ileile: taarifa ya MTUHA na madai ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mizigo hiyo hutoka katika jalada moja la mgonjwa, na kosa moja la msimbo huharibu yote miwili. Visa viwili vifuatavyo vimetungwa kwa ajili ya mazoezi, ingawa kila mwenye uzoefu wa wodi ataona sura anazozijua. Msomaji awe na karatasi na kalamu, ajaribu mwenyewe kabla ya kusoma majibu.

Tuanze na kisa cha mama. Ana umri wa miaka 24, mimba yake ni ya kwanza, na anatoka kijiji kimoja cha Newala. Alianza uchungu alfajiri, akaenda zahanati, na jioni akaletwa hospitali kwa rufaa kwa kuwa njia ilikuwa haifunguki zaidi. Ukurasa wa mapokezi una maandishi haya ya daktari: upungufu wa damu katika ujauzito, Hb 6.9, malaria? Ukurasa wa upasuaji unasema: uchungu pingamizi, CPD, C/S ya dharura, mtoto wa kike hai, kilo 3.4. Karatasi ya maabara inaonyesha kwamba hadubini haikuona vimelea vya malaria. Karatasi ya dawa inaonyesha chupa mbili za damu, pamoja na dozi moja ya sindano ya malaria iliyotolewa usiku ule kabla ya majibu ya maabara kurudi. Siku ya nne mama aliruhusiwa, na katika mstari wa ugonjwa wa kuruhusiwa pameandikwa neno moja tu: C/S.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Mtunza kumbukumbu huona C/S katika mstari wa ugonjwa, hufungua Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, toleo la 10, hukuta O82 kwa ajili ya kujifungua kwa upasuaji, hunakili, na kufunga jalada. Msimbo upo kitabuni, basi huonekana ni sahihi. Lakini C/S si ugonjwa. Ni jambo alilotendewa mama, na swali la mstari ule ni kwa nini alitendewa.

Juzuu ya 2 ya ainisho hilo, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo isiyofunguliwa sana, inaeleza ugonjwa mkuu kuwa ni hali iliyotambuliwa mwishoni mwa kipindi cha matibabu, ambayo zaidi ya nyingine zote ndiyo iliyomfanya mgonjwa ahitaji tiba au uchunguzi. Maneno ya kushika ni "mwishoni mwa kipindi". Ukurasa wa mapokezi huandikwa daktari akiwa bado anatafuta. Hautoshi peke yake kutupa ugonjwa mkuu. Kwa hiyo jalada lisomwe kuanzia nyuma: karatasi ya kuruhusiwa, kisha ukurasa wa upasuaji, kisha maabara, na mapokezi mwisho. Tukilisoma hivyo jalada la mama huyu, sababu ya yeye kupasuliwa inajitokeza bila shaka. Ni uchungu pingamizi uliotokana na kichwa cha mtoto kutowiana na nyonga ya mama.

Sasa twende kitabuni. Faharasa iliyo katika Juzuu ya 3 hutafutwa kwa jina la hali. Neno la kutafuta hapa ni lile la uchungu wa uzazi, chini yake pingamizi, chini yake tena sababu ya kutowiana. Faharasa inatupa O65.4. Usiunakili bado. Fungua Juzuu ya 1, usome kichwa cha O65, maelezo yaliyo chini yake na yaliyo mwanzoni mwa kundi zima, kwa maana faharasa haina nafasi ya kutaja kila sharti. Ukifika O80 hadi O84 utaona faida ya hatua hiyo. Misimbo hiyo, O82 ikiwamo, hutumika kama ugonjwa mkuu pale tu ambapo jalada halina hali nyingine yoyote ya sura ya uzazi. Ikiwa hali nyingine ipo, O82 huruhusiwa kufuata nyuma, kueleza namna mtoto alivyozaliwa. Kwa kuwa upasuaji ulikuwa wa dharura, tutaandika O82.1 kama nyongeza.

Upungufu wa damu nao una nafasi yake. Ulikuwapo kabla ya upasuaji na umetibiwa kwa chupa mbili za damu, basi ni hali ya pili ya kweli. Kwa mjamzito hatuanzi na D64.9, ambao ni upungufu wa damu usiotajwa aina. Tunaanza na O99.0, upungufu wa damu unaoutatiza ujauzito na uzazi, kisha D64.9 unafuata kueleza zaidi. Tukiuacha O99.0, damu ile itabaki katika dai bila ugonjwa wa kuieleza.

Na malaria? Alama ya kuuliza iliwekwa na daktari, na maabara imeijibu. Hali iliyoshukiwa kisha ikaondolewa na vipimo haipewi msimbo wa ugonjwa. Lakini sindano imo katika jalada, na ndiyo sehemu ngumu ya zoezi. Karani anayeandaa madai huona dawa ya malaria isiyo na malaria, naye huingiwa na kishawishi cha kuongeza B50.9 ili dawa ipate mwenzake. Asifanye hivyo. Msimbo haupatikani kwa kurudi nyuma kutoka kwenye dawa. Malaria hiyo ya karatasini itahesabiwa katika takwimu za wilaya kama malaria iliyothibitishwa, na mkaguzi wa Mfuko atakayeomba karatasi ya maabara atakuta majibu yanayolikana dai. Jalada lipelekwe kwa daktari, aandike kwa mkono wake na kuweka sahihi kwamba dozi ilitolewa kwa kushuku, majibu yalipokuwa yakisubiriwa. Ikiwa Mfuko utalipa dozi hiyo au hautailipa ni suala jingine. Rekodi itakuwa imesema kweli.

Kwa daktari huyohuyo tutampelekea pia mstari wa kuruhusiwa, autie ugonjwa badala ya upasuaji. Nafahamu kwamba hili huleta kero, hasa pale daktari mmoja anapohudumia wodi tatu. Hata hivyo mtunza kumbukumbu hana mamlaka ya kuandika ugonjwa. Ana mamlaka ya kuutia msimbo ugonjwa ulioandikwa. Ni vyema kukusanya majalada yenye maswali na kumwona mara moja kwa siku, mgonjwa akiwa bado kitandani, kuliko kumtafuta mwisho wa mwezi kwa jambo alilokwisha kulisahau.

Karatasi iliyokamilika itasomeka hivi:

```
Ugonjwa mkuu:        O65.4
Magonjwa mengine:    O99.0, D64.9
Namna ya kuzaliwa:   O82.1
Matokeo ya uzazi:    Z37.0
Taratibu za tiba:    upasuaji wa kujifungua;
                     kuongezewa damu, chupa 2
```

Z37.0 unasema kwamba amezaliwa mtoto mmoja, naye ni hai. Huandikwa katika jalada la mama tu. Mtoto hufunguliwa jalada lake, na huko huandikwa Z38.0, mtoto mmoja aliyezaliwa hospitalini. Misimbo hii miwili hubadilishana majalada mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Mstari wa mwisho wa karatasi hauna msimbo wa ainisho, na haujasahauliwa. Toleo la 10 ni ainisho la magonjwa na sababu za kuja hospitali. Halina orodha ya upasuaji. Huduma huandikwa katika fomu ya madai kwa jina na msimbo wa orodha ya bei ya Mfuko wenyewe. Kwa hiyo safu ya ugonjwa na safu ya huduma hutoka katika vitabu viwili tofauti, na anayekagua dai huzisoma kwa pamoja: je, huduma hii inaelezwa na ugonjwa huu? Kabla ya kufunga karatasi, weka kidole juu ya kila huduma na utafute ugonjwa unaoidai. Upasuaji unadaiwa na O65.4. Damu inadaiwa na O99.0. Huduma isiyo na mdai irudishe kwa daktari.

Kwa upande wa takwimu, tungeandika O82 peke yake, hospitali ingejua ni akina mama wangapi wamepasuliwa, jambo ambalo daftari la chumba cha upasuaji tayari linalisema. Isingejua ni wangapi walifika wakiwa na uchungu pingamizi, wala wangapi walikuwa na damu pungufu tangu kliniki. Anayepanga magari ya rufaa kutoka vijijini, au chupa za damu za akiba, huhitaji hesabu hizo za pili.

Kisa cha pili ni kifupi. Mvulana wa miaka 10 kutoka Masasi ameanguka kutoka juu ya mkorosho katika shamba la familia. Picha inaonyesha mifupa yote miwili ya mkono imevunjika karibu na kiwiko cha kiganja, ngozi haikupasuka. Mifupa imevutwa na kufungwa plasta. Daktari ameandika kwa usahihi: mvunjiko wa ncha za chini za mifupa miwili ya mkono, usio na jeraha.

Ugonjwa mkuu ni S52.6, na tarakimu ya tano, sifuri, ikieleza kuwa ngozi haikuchanika: S52.60. Lakini majeraha hutaka pia sababu yake ya nje. Kuanguka kutoka mtini ni W14, na tarakimu ya nne hutaja mahali. Shamba ni 7. Tunaandika W14.7, daima nyuma ya jeraha, kamwe si mbele yake. Faharasa ya sababu za nje ni sehemu tofauti ndani ya Juzuu ya 3, na asiyelijua hilo hutafuta neno "kuanguka" kati ya magonjwa asilipate. W14 ukiachwa, msimu wa korosho utapita ukiwa umetuachia hesabu ya mikono iliyovunjika tu, bila neno lolote la miti.

Baada ya wiki kadhaa mvulana anarudi kuondolewa plasta, na mfupa umeunga. Makarani wengi hunakili tena S52.60 kutoka ukurasa wa nyuma. Safari hii hakuja kwa mvunjiko. Amekuja kutolewa plasta, na msimbo wake ni Z47.8. Ukiandika S52.60 mara ya pili, kijana mmoja aliyeanguka mara moja atahesabiwa kuwa amevunjika mara mbili, na dai la pili litafanana na la kwanza kiasi cha kushukiwa kuwa ni nakala yake.