Betri Mpya na Betri Kuukuu: Kutafuta Mkondo Katika Saketi Yenye Mizunguko Zaidi ya Mmoja

Kijitabu hiki ni cha mafundi wa sola na wanafunzi wa fizikia wa Munkunyu na wa njia nzima ya Kasese hadi Bwera. Kinajibu swali ambalo fundi hakosi kuulizwa. Mwenye nyumba ana betri kuukuu ya volti 12, amenunua mpya, naye anataka zote mbili zifungwe pamoja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili taa zikae muda mrefu. Je, ile kuukuu itasaidia?

Kwa macho huwezi kujua, maana taa zitawaka vizuri tu. Kalamu ndiyo itakayosema, kwa kutumia kanuni mbili alizozitoa Gustav Kirchhoff mwaka 1845, alipokuwa bado mwanafunzi wa miaka 21 huko Königsberg.

Mchoro na namba zake

Betri mpya ikipimwa bila kufungwa na kitu, mita inasoma volti 12.8. Kuukuu inasoma 12.0. Kila betri ina ukinzani wake wa ndani. Ukijumlisha na waya zake, mpya ina omu 0.1 na kuukuu omu 0.15. Taa ni balbu tatu za waya. Kila moja ina omu 12 ikiwa imewaka, na kwa kuwa zimefungwa sambamba, zote pamoja ni omu 4. Waya wa kwenda na kurudi unaongeza omu 0.1, hivyo upande wa taa una omu 4.1. Tumechagua namba zitakazorahisisha hesabu, lakini hazijatoka mbali na zile za betri za kawaida za asidi.

Chora njia tatu zinazokutana juu, penye chanya, na chini, penye hasi. Kisha weka mshale kwenye kila njia. Mkondo I1 unatoka kwenye chanya ya betri mpya, I2 unatoka kwenye chanya ya betri kuukuu, na I3 unaingia kwenye taa.

Hapa wanafunzi wengi husita, wakiogopa kuchora mshale upande usio sahihi. Hofu hiyo haina msingi. Mshale ni makubaliano yako na karatasi. Ukiwa umeelekea kinyume cha mkondo halisi, jibu litatoka na alama ya kutoa, na ukubwa wake utakuwa uleule. Kosa ni kuugeuza mshale hesabu ikiwa katikati, mlingano mmoja ukafuata mshale wa zamani na mwingine ukafuata mpya.

Milingano

Kanuni ya makutano inasema mkondo unaoingia kwenye makutano ya waya ni sawa na unaotoka, kwa sababu chaji hairundikani pale:

I1 + I2 = I3

Makutano ya chini yatakupa mlingano huohuo, kwa hiyo yaache. Una mikondo mitatu usiyoijua na mlingano mmoja. Miwili iliyobaki itatoka kwenye mizunguko.

Kanuni ya mzunguko inasema ukitoka mahali, ukazunguka na kurudi palepale, volti ulizopanda na ulizoshuka zinakwisha zote. Alama hufuata desturi mbili. Ukipita ndani ya betri kutoka hasi kwenda chanya, andika kujumlisha. Ukitoka chanya kwenda hasi, andika kutoa. Ukipita kwenye ukinzani ukifuata mshale wa mkondo, andika kutoa. Ukienda kinyume cha mshale, andika kujumlisha. Alama ya betri haijali mshale hata kidogo, na hapo ndipo milingano mingi huharibika.

Mzunguko wa kwanza unapanda kupitia betri mpya na kushuka kupitia taa:

12.8 − 0.1 I1 − 4.1 I3 = 0

Wa pili unapanda kupitia betri mpya na kushuka kupitia betri kuukuu. Ndani ya kuukuu tunaingilia chanya na kutokea hasi, hivyo volti 12.0 inapata alama ya kutoa. Tunakwenda pia kinyume cha mshale wa I2, hivyo ukinzani wake unapata alama ya kujumlisha:

12.8 − 0.1 I1 + 0.15 I2 − 12.0 = 0

Mzunguko wa tatu upo, wa betri kuukuu na taa, lakini hauna habari mpya. Anayeutumia badala ya mlingano wa makutano ataishia na sifuri sawa na sifuri. Tuuweke kwa ajili ya ukaguzi.

Kutoka mlingano wa pili, I1 = 8 + 1.5 I2. Katika ule wa kwanza weka I1 + I2 mahali pa I3, upate 4.2 I1 + 4.1 I2 = 12.8. Ukiingiza I1 unabaki na 33.6 + 10.4 I2 = 12.8, na hapo I2 = −2. Basi I1 ni ampea 5 na I3 ni ampea 3.

Alama ya kutoa inasema nini

Betri kuukuu haiwashi taa. Ampea 2 zinaingia ndani yake kutoka betri mpya, ambayo inatoa ampea 5 ili taa zipate 3.

Usilikubali jibu kabla ya kulikagua. Peleka namba, pamoja na alama zake, kwenye mzunguko ambao hukuutumia: 12.0 − 0.15 × (−2) − 4.1 × 3 ni 12.0 + 0.3 − 12.3, yaani sifuri. Kisha kagua nguvu. Betri mpya inatoa wati 64. Upande wa taa unakula 36.9, kuukuu inameza 24, na joto la ukinzani wa ndani ni 2.5 na 0.6. Jumla ni 64. Ungeidondosha ile alama ya kutoa popote, hesabu hizi zisingelingana.

Zima taa sasa. I3 ni sifuri, lakini mkondo haukomi: volti 0.8 kugawanya kwa omu 0.25 ni ampea 3.2 zinazohama kutoka betri moja kwenda nyingine. Zitapungua kadiri kuukuu inavyojaa, lakini kama imekufa seli haitajaa, nayo itaendelea kuinyonya mpya usiku kucha. Na fundi akikosea, akafunga chanya kwa hasi, volti zinajumlishana: 24.8 kwa omu 0.25 ni takriban ampea 99, za kuyeyusha waya na hata kupasua betri.

Kupima kwa mita

Weka multimita kwenye kipimo cha ampea 10, ndani ya njia ya betri kuukuu, waya mwekundu ukigusa chanya ya betri na mweusi ukielekea kwenye makutano. Itaonyesha alama ya kutoa. Namba itakuwa chini ya 2, kwa sababu mita na waya zake zina ukinzani unaotosha kubadilisha njia ya omu 0.15. Mita ikiwa kwenye ampea, usiiguse kamwe chanya na hasi za betri kwa pamoja.

Hesabu hii inafaa balbu za waya. Taa za LED na chaja za simu hazina omu moja isiyobadilika, kwa hiyo upande wa taa andika ampea ulizozipima badala ya omu. Makutano na mizunguko hubaki vilevile.

Kwa hiyo usifunge betri kuukuu pamoja na mpya. Mwenye nyumba akitaka kuitumia, ipe taa zake peke yake. Akitaka mbili zifanye kazi pamoja, anunue mbili za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja, na kila moja iwekewe fyuzi yake karibu na chanya.