Akifika kwenye N anakwama

Mdogo wangu wa Usa River, ujumbe wako nimeusoma, na ile picha ya daftari nimeitazama vizuri. Mwalimu ametoa majina sita ya watoto wa darasani yapangwe kwa mpangilio wa alfabeti. Binti yako kaanza sawasawa na Amani, kafuatisha Baraka, halafu Neema, Naserian, Noela na Naomi kawaandika kama walivyomjia kichwani. Unauliza kama bado hajaishika alfabeti. Ameishika, mdogo wangu. Asingeishika, Amani na Baraka wasingekaa pale. Kinachomshinda ni hatua inayofuata: herufi ya kwanza ikifanana, anaona kazi imekwisha.

Na huko kwetu hatua hiyo inakuja mapema. Wasichana wengi wa Kimaasai na wa Waarusha wana majina yanayoanza na Na, na wavulana wengi Lo au Le. Ukiwaongeza akina Neema na Noela, na Lazaro na Lucas, darasa la Ngaramtoni au Kisongo linakuwa na rundo la N na rundo la L. Mazoezi ya kitabuni yenye jina moja kwa kila herufi hayamwandai mtoto kwa hilo.

Kata boksi la biskuti lipate vipande vya ukubwa mmoja. Ukubwa uwe mmoja kweli, kwa sababu watoto wa miaka saba hupenda kupanga kwa urefu wa neno, na kipande kirefu kitamshawishi. Andika jina moja kwenye kila kipande, kama lilivyo kwenye daftari la mwenye jina. Khadija akiandikwa kwa K, anakaa kwenye K, hata kama sikio la mtoto linamsikia kwenye H. Philipo vilevile, yuko P.

Chini ya vipande hivyo weka mstari wa herufi zote 26. Najua Kiswahili hakitumii q wala x, na c haisimami bila h, lakini darasani kuna Caroline na pengine kuna Queen, nao wanahitaji pa kukaa. Mstari huo hauharibu kitu, maana chui na chura watakaa palepale kwenye C, baada ya B. Tia alama nyekundu kati ya M na N: herufi 13 zinabaki upande huu na 13 upande ule. Ukimsikia anaimba kuanzia a kila anapotafuta herufi, muulize kwanza iko upande gani wa alama. Ataanza kutafuta karibu.

Siku ya kwanza mpe majina matano yenye herufi za mwanzo zilizo mbalimbali, basi. Akiyapanga bila kuimba, mletee Naomi, Neema na Noela. Mwambie aweke kidole gumba juu ya N kwenye kila kipande, asome kinachofuata: a, e, o. Kidole ndicho kinachofanya kazi hapa. Maelezo ya mdomo, "angalia herufi ya pili", mtoto anayasikia lakini jicho lake bado linarudi kwenye herufi kubwa ya mwanzo. Naserian mwongeze mwishoni. Yeye na Naomi wote wana Na, kwa hiyo kidole kinafunika herufi mbili, na o inatangulia s. Nashipai muache kwa sasa. Yeye na Naserian wanaachana kwenye herufi ya nne, na kwa umri huo ni mapema mno.

Sasa wanyama. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapokosea wakidhani wanyama ni rahisi kuliko majina. Mtoto wa Darasa la Kwanza na la Pili anafundishwa kusoma kwa sauti na silabi. Kwake "nya" ni kitu kimoja. Mpe nyani na ndovu, atamtanguliza nyani. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia nyani ana a. Amesikia ny kama sauti moja, akairuka y, akaenda moja kwa moja kwenye a. Kwa sikio lake yuko sahihi, ila mpangilio wa alfabeti unafuata herufi zilizoandikwa. Usimwambie tu amekosea. Chukua daftari la hesabu lenye visanduku, aandike n katika kisanduku cha kwanza, y cha pili, a cha tatu. Chini yake n, d, o. Visanduku vya pili vikisimama juu na chini, ataona mwenyewe kwamba d inakuja kabla ya y. Ch nayo inachukua visanduku viwili.

Akizoea visanduku, nenda naye kwenye zoezi ninalolipenda kuliko yote. Andika mbwa, mbuzi, mbega, mbuni, mbu. Wote anawajua: mbwa na mbuzi wako uani, mbuni wapo kwenye mbuga za huko chini, na mbega, yule mweusi mwenye mkia mweupe mrefu, anaishi kwenye msitu wa Meru. Mbu hana haja ya kutambulishwa. Visanduku viwili vya kwanza vinafanana kwa wote watano, kwa hiyo funika vyote viwili. Cha tatu kina e kwa mbega, u kwa watatu, w kwa mbwa. Mbega anatangulia, mbwa anakuwa wa mwisho, na hao wa u wanabaki katikati. Nenda kisanduku cha nne: mbuni ana n, mbuzi ana z, mbu hana kitu. Asiye na kitu anatangulia. Kwa hiyo ni mbega, mbu, mbuni, mbuzi, mbwa. Watoto wengi humweka mbu mwisho kwa sababu "ameisha", na ukiona hivyo mpe nge na ngedere ajaribu tena kanuni hiyohiyo: nge kwanza.

Kuwa mwangalifu na ng'ombe. Kile kialama cha juu si herufi, hakipewi kisanduku. Ngiri, ng'ombe, nguruwe: baada ya ng zinakuja i, o, u, basi.

Usichanganye majina ya watoto na wanyama kwenye zoezi moja. Neema akikaa kando ya ngedere, kesho darasani mtu atataniwa, na jina la mtoto si la kuchezea hivyo.

Umeniuliza pia utajuaje kama ameelewa au amekariri. Usimpe vipande upya ili apange. Mpangilio huo anaweza kuukumbuka. Tundika kamba, ubane Naomi, Neema na Noela kwa vibanio vya nguo, halafu mpe Nasra, umwambie ni mwanafunzi mgeni. Aliyekariri atambana mwishoni, kwenye nafasi iliyo wazi. Aliyeelewa atafunika N, aone a, afunike tena, alinganishe s na o ya Naomi, kisha asogeze vibanio ili Nasra apate nafasi kati ya Naomi na Neema. Akikosea hapo, rudi kwenye visanduku kwa siku mbili tatu, dakika kumi zinatosha, tena kabla ya chakula cha jioni, akiwa bado hajasinzia.