Stetimenti ya karatasi ikiingia kwenye jedwali, kagua seli zenye shaka

Umepiga picha stetimenti yako ya karatasi na programu imeisoma. Sasa utajuaje ni tarakimu gani imesomwa vibaya, bila kurudia ukurasa mzima?

Programu yenyewe hukudokezea. Kila neno inalosoma hulipa alama ya uhakika, kuanzia 0 hadi 100. Kwenye Tesseract, ambayo ni ya bure, andika:

```
tesseract ukurasa.png matokeo tsv
```

Fungua faili ya `matokeo.tsv`. Safuwima ya `text` ina neno lililosomwa, na `conf` ina alama yake. Ukiona -1, hilo si neno. Ni mpaka wa ukurasa, aya au mstari tu. Ruka.

Weka alama kando ya pesa

Unapopanga jedwali lako, andika kiasi kwenye B na alama yake kwenye C. Kisha kwenye D:

```
=IF(C2<75,"KAGUA","")
```

Wakati mwingine kiasi kimoja hukatwa vipande viwili. Tuseme "1," imepata 62 na "350.00" imepata 96. Ukichukua wastani utapata 79, na seli itapita. Kwa hivyo chukua alama ya chini kabisa, yaani 62. Tarakimu moja ikikosewa, kiasi chote kimekosewa.

Seli hiyo ikishaandikwa KAGUA, rudi kwenye karatasi uangalie kwa macho. Hapa karatasi inasema 1,850. Sahihisha, halafu jaribu hesabu: salio la awali 4,200, ongeza 1,850, unapata 6,050. Ndilo salio lililochapishwa kwenye mstari huo. Sawa.

Alama ya juu pia hudanganya

Mstari unaofuata, pesa iliyotoka imesomwa 100 kwa alama ya 93. Hakuna KAGUA. Lakini 6,050 toa 100 ni 5,950, na karatasi inaonyesha salio la 5,350. Ukiangalia vizuri, ile 1 ni 7 iliyofifia: zilitoka 700. Alama inakuambia programu ina uhakika kiasi gani, haikuambii kama imesoma sawa. Ndiyo maana kila mstari upimwe pia kwa salio.

Nambari ya muamala haina hesabu ya kuipima. Herufi O na sifuri, au I na 1, hufanana sana. Linganisha kila nambari na SMS yako, hata kama alama ni 95.

Je, lazima iwe 75?

La. Kagua ukurasa wa kwanza wote kwa mkono, uone makosa yalikuwa na alama gani. Kama mengi yalikuwa kati ya 75 na 85, pandisha kiwango hadi 85 kabla ya kuendelea na kurasa zilizobaki. Seli za kukagua zitaongezeka, lakini makosa machache yatakupita.